Nikifumba Macho Naona Wananipita Wote

*Mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kata. Nina watoto wanane walioteuliwa timu ya wilaya kwenda UMISSETA ngazi ya mkoa, zimebaki wiki tatu. Ninayekuandikia habari zake ni binti wa kidato cha tatu, ana miaka 16, anakimbia mita 800. Mazoezini ameshakimbia dakika 2 na sekunde 26, raundi ya kwanza 72, ya pili 74. Hapa kwetu hakuna wa kumsogelea.*

*Kwenye mashindano ya wilaya alitoka kama risasi. Raundi ya kwanza alipita kwa sekunde 66, nikapiga kelele za furaha. Kufika mita 500 miguu ikakataa. Alimaliza wa tatu kwa dakika 2 na sekunde 34, akakaa chini akilia.*

*Tangu siku hiyo nimejitahidi kumjenga. Nimemwambia lengo ni moja tu, dhahabu, na atoke mbele tangu mwanzo kama Filbert Bayi. Nilisikia pia kwamba wanariadha wakubwa hukimbia kwanza kichwani, kwa hiyo kila jioni nawapanga wote wanane mstari mmoja, wanafumba macho dakika kumi, wanajiona jukwaani wakivishwa medali. Wengine wanafurahi. Huyu juzi alifumbua macho katikati akaniambia, "Mwalimu, mimi nikifumba macho naona wananipita wote." Kesho yake alitapika kabla ya mbio za majaribio, na jioni akaomba nimtoe kwenye timu.*

*Mkuu wa shule ameshamtangaza mstarini kwamba anatuletea medali. Nikimtoa, nahisi nitakuwa nimemfundisha kukimbia woga. Nikimlazimisha, naogopa nitamvunja. Na hili zoezi la kufumba macho, niliache au niendelee nalo?*

*Mwalimu wa Michezo*

---

Marahaba, mwalimu.

Nianze na ile sentensi ya binti yako, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara mbili. Mtoto asiyeweza kuona picha kichwani hasemi hivyo. Atakwambia haoni kitu, au atacheka na kumsukuma mwenzake. Huyu anaona, tena anaona vizuri mno: watu, mwendo, mgongo wa anayempita. Kipaji anacho. Shida ni kwamba filamu anayoiangalia kila jioni ni ile ya wilaya, na sisi walimu ndio tumempa dakika kumi za kuirudia.

Najua ulitaka aone medali. Lakini fikiria alivyo akilini: umemtaka afike jukwaani, na njia pekee anayoijua ya kufika huko inapita mita ya 500, pale miguu ilipokataa. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwapa watu kazi ndogo ya kusukuma mpira wa gofu uingie shimoni. Waliojenga picha ya mpira ukiingia walipiga vizuri zaidi, na waliojenga picha ya mpira ukikosa kidogo tu walipiga vibaya zaidi. Picha mbaya nayo ni mazoezi. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu timu, zoezi la mstari mmoja ningelisimamisha leo jioni, angalau kwake. Si kwamba taswira haifai. Nitakwambia namna ya kuirudia.

Kwanza tuzungumze lengo, maana picha hufuata lengo.

Umempa lengo moja, dhahabu. Sina ugomvi na dhahabu, mwanariadha anayeiota hana kosa. Ila medali inategemea pia wasichana wengine ambao hujawahi kuwaona. Huenda mkoa una binti anayekimbia 2:18, na mtoto wako akakimbia mbio bora za maisha yake akawa wa nne. Mwenye miaka 16 aliyepewa lengo lisilo mikononi mwake anabaki na kitu kimoja tu cha kufanya, kuogopa. Ndiyo maana kwa vijana wenye wasiwasi tunaligawa lengo. Ndoto inabaki ndoto, kwa mfano kushika nafasi mbili za juu. Chini yake kuna kiwango, ambacho anajilinganisha nacho yeye mwenyewe: kwake ningeweka kati ya 2:24 na 2:28, wala si namba moja kavu, kwa sababu viwanja vyetu vya vumbi hubadilika, na mvua ikinyesha asubuhi sekunde mbili zinaondoka bila kosa la mtu. Na chini kabisa, ambako ndiko nataka ukae naye kwa wiki hizi tatu, kuna kazi: nini hasa mwili wake utafanya katika kila mita 200.

Tufanye hesabu ya mbio zake mwenyewe. Ile 2:26 ya mazoezini ukiigawa mara nne unapata kama 35, 37, 37, 37. Wilayani alipita raundi ya kwanza sekunde sita mapema, kisha raundi ya pili ikamchukua sekunde 88. Sekunde sita alizochukua mwanzoni alizilipa kumi na nne mwishoni. Sasa mtazame David Rudisha aliyeweka rekodi ya dunia London mwaka 2012, 1:40.91. Naye alitoka mbele, na raundi yake ya kwanza ilikuwa na kasi zaidi ya ya pili, lakini kwa sekunde mbili na kitu tu: 49.28, kisha 51.63. Binti yako mazoezini alikuwa na 72 na 74. Mwalimu, hebu ziangalie tena. Mgawanyo huo ni mzuri, na aliupata bila wewe kupiga kelele.

Kuhusu Bayi, najua kwa nini ulimtaja. Mtanzania gani wa riadha asiyejivunia Christchurch 1974, mtu anaongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho na kuondoka na rekodi ya dunia? Lakini Bayi alikuwa ameuzoesha mwili wake mwendo ule. Mtoto anayesikia "toka mbele kama Bayi" hasikii mwendo, anasikia "kimbia kwa nguvu zako zote". Halafu kuna jambo ambalo huenda hukumwambia, na mimi pia nilichelewa kulijua: siku ya mashindano hofu hudanganya miguu. Adrenalini ikishapanda, mita 200 za kwanza kwa sekunde 32 zinahisiwa nyepesi kama 36 za mazoezini. Hakuasi maagizo wala hakukosa akili. Kipimo chake cha ndani kilikuwa kimepanda.

Hilo lina dawa ya uwanjani. Mara mbili kwa wiki mpe mita 200 mara sita, kwa sekunde 36 au 37, akitembea dakika mbili hivi kati ya moja na nyingine. Kila akimaliza, kabla hujamwonyesha saa, akutajie amekimbia sekunde ngapi. Siku ya kwanza atakosea kwa sekunde tatu au nne. Akifika mahali anakosea kwa sekunde moja, ameanza kuushika mwendo. Kisha waite wenzake wasimame pembeni wapige makofi na kelele, arudie hivyo hivyo kwenye fujo. Wiki ya mwisho upunguze, mara tatu zinatosha.

Malengo ya kazi ayaandike yeye, kwenye daftari lake, kwa maneno yake. Mawili, yakizidi sana matatu. La kwanza karibu liko wazi: mita 200 za mwanzo kwa 35 au 36, hata kama wote wanatangulia. La pili muulize yeye: pale mita 500, ni nini kinakusaidia? Usimjibie. Wapo wanaosema kurusha mikono, wapo wanaosema kulegeza mabega, mmoja wangu alikuwa anahesabu. Aliyejichagulia neno lake hulikumbuka anapokosa pumzi.

Sasa taswira.

Mimi niliwahi kufanya kosa kama lako, na wasichana wa netiboli. Niliwafumbisha macho darasani, wamekaa madawatini, nikawa nawasimulia kwa sauti ya pole mpira unavyoingia golini. Mfungaji wetu alikuwa amekunja ngumi, kidole gumba kimeingia ndani ya vile vingine hadi kucha zimekuwa nyeupe, na alikuwa hapumui. Nilidhani amezama kwenye zoezi. Baadaye akaniambia kwamba kila mpira niliosema umeingia, yeye aliuona unazunguka kwenye ringi na kutoka nje. Tangu siku ile huwa natazama mikono kwanza.

Nilivyojifunza baadaye ni kwamba picha ya kichwani inafaa inapokaribia kitendo chenyewe. Waingereza wawili, Paul Holmes na Dave Collins, waliliweka hilo vizuri mwaka 2001: mwili uwe katika hali ya mchezo, mahali pafanane na penyewe, muda uwe ule ule wa kweli, na hisia za mashindano ziwemo. Kwa binti yako maana yake ni asimame. Awe uwanjani, kwenye mstari wa chokaa, amevaa raba au njumu atakazokimbilia, au peku kama ndivyo anavyokimbia. Na picha aione kwa macho yake mwenyewe, anaona kona inakuja na mgongo wa aliye mbele. Asijitazame kwa mbali kama aliyeko jukwaa la watazamaji. Kufumba macho si lazima. Vijana wengi wa umri huu hawapendi kufumba macho mbele ya wenzao, na wana haki.

Usianze na mbio nzima. Anza mara tu baada ya moja ya zile mita 200 alizokimbia vizuri, mwili ungali na joto lake. Mwambie: "Irudie hiyo hiyo kichwani." Vumbi chini ya unyayo, pumzi, upepo wa kona ya pili. Ni sekunde 36 tu. Kwa njia hii hatungi kitu, anakumbuka, na kumbukumbu ya dakika tano zilizopita haina nafasi ya filamu ya wilaya. Siku tatu nne hivyo, kisha mita 400, kisha zote 800 katika wiki ya pili. Dakika tatu hadi tano kwa siku zinatosha. Zile kumi zenu zilikuwa nyingi, akili ya kijana ikichoka inarudi kwenye inachokiogopa.

Atakapofika mita 800 nzima, shika saa. Aanze kichwani ukipuliza filimbi, ainue mkono anapovuka mstari wa mwisho. Ukiona mkono umepanda kwenye 2:20 au 2:30, anakimbia kweli. Ukipanda kwenye dakika 1 na nusu, kuna mahali ameruka. Muulize kwa upole ni wapi, na usishangae akisema hakumbuki kupita mita 400 hadi 600. Wengi huruka hapo hapo panapouma. Hapo pa kurudiwa, taratibu, kipande kwa kipande.

Na wasiwasi wenyewe usiufukuze kwenye picha. Ukimwambia ajione ametulia tuli, siku yenyewe moyo ukidunda atadhani mambo yameharibika. Ajione moyo unadunda, mikono ya baridi, anatamani kwenda chooni mara ya tatu, halafu filimbi inalia na anakimbia zile 35 zake. Mwambie wazi kwamba mwili unaodunda ni mwili unaojiandaa. Kama unamzidi, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara tano au sita.

Lile la kupitwa nalo liingie, lakini likiwa na mwendelezo. Filamu yake inaishia pale wanapompita. Hajawahi kuona kinachofuata. Mpe sentensi ya "kama": kama nikipitwa mita 500, basi narusha mikono hatua ishirini nikiwa nyuma ya bega lake. Aione hiyo mara chache tu, baada ya picha nzuri kuwa imeshakaa. Michael Phelps alipoogelea mita 200 za kipepeo Beijing mwaka 2008, miwani yake ilijaa maji hadi akawa haoni ukuta. Alihesabu mikono yake, akafika, akashinda na kuvunja rekodi ya dunia. Kwa miaka mingi yeye na kocha wake Bob Bowman walikuwa wameshajiandaa kichwani hata kwa mambo kuharibika, kwa hiyo akili yake ilikuwa na la kufanya.

Utajuaje kama inakwenda vibaya? Tazama ngumi, taya, na kifua kisichopanda. Sikiliza kama anaanza kusema "halafu wakaja". Hapo msimamishe, afumbue macho, atembee kidogo, na mrudi kwenye kipande cha mwisho alichokiona vizuri hata kama ni mita 50. Ikigoma kabisa siku mbili tatu mfululizo, iache. Mrekodi kwa simu akikimbia 200 nzuri, amtazame binti huyo kwenye kioo cha simu badala ya kumtafuta kichwani. Kuna watu picha haziwajii kabisa na wanakimbia vizuri tu.

Wale wengine saba siwasahau. Mruka chini anahitaji kuona hatua zake za kukimbilia na ubao, mrusha tufe anahitaji kuhisi nyonga inavyogeuka. Hawawezi kushiriki picha moja ya jukwaa. Wanaofurahia medali waache wafurahie kabla ya kulala, inawaamsha kwenda mazoezini. Ila miguu yao haijifunzi kitu pale.

Sasa ombi lake. Mwalimu, sitakwambia umtoe wala umwache, kwa sababu mimi sijamwona uso. Naweza tu kukuonyesha ninachokiona kila upande.

Ukimtoa leo, atapata nafuu usiku huu huu, na nafuu hiyo ina nguvu: mwili unajifunza kwamba kukimbia hofu kunalipa, na mwakani itakuwa ngumu zaidi. Hofu yako hapo ina msingi. Lakini wapo niliowahi kuwatoa nao wakarudi msimu uliofuata wakiwa wazima, kwa sababu walisikilizwa. Ukimwacha aendelee kwa mpango huu, wiki tatu zinatosha kumbadilishia lengo na kumfundisha mwendo, lakini picha ya zamani haiwezi kufutika yote. Anaweza kutoka tena kwa 66. Ukiichukua njia hii, lazima ujue utamwambia nini jioni ya siku hiyo, na liwe jambo la kazi zake mbili kabla ya nafasi aliyoshika. Njia ya tatu ni kumhamishia kupokezana kijiti, mita 400 kwa wanne. Wengine hupumua wakiwa na wenzao. Wengine huumia zaidi, kwa kuogopa kuwaangusha wenzao. Yeye ni wa aina gani, wewe unajua kuliko mimi.

Kabla ya yote hayo, kuna maswali mawili ya kumuuliza mkiwa mmekaa pembeni ya uwanja, siyo ofisini. Anaomba kuacha mbio, au anaomba kuacha kutangazwa? Kama ni kutangazwa, kazi iko kwa mkuu wa shule, na ni wewe wa kwenda kumwomba asiitaje tena medali mstarini. La pili ni kuhusu kutapika: alikula nini, saa ngapi? Maharage saa moja kabla ya kukimbia yanatosha kumtapisha hata asiye na woga, kwa hiyo mlo uwe umeisha saa tatu hivi kabla. Mwombe matroni aongee naye pia, kuna mambo ya mwili na ya nyumbani ambayo hatakwambia wewe mwanaume, kama ni mwanaume. Na kama halali, hali chakula, analia hata siku zisizo na mazoezi, hilo limeshatoka kwenye riadha. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya, na mashindano yasubiri.

Kama muda wa kuwasilisha majina unaruhusu, mpe tarehe yake mwenyewe ya kuamua, tuseme Jumamosi ya wiki ya pili, baada ya jaribio la mita 400 mnalolikimbia wawili tu na saa, bila watazamaji, kwa lengo la 72. Mwambie jibu lolote atakalotoa siku hiyo utalipokea, na umwambie tu kama kweli utalipokea.

Ukipata nafasi niandikie. Ningependa kujua mkono wake ulipanda saa ilipokuwa inasoma ngapi.